Maneno ya Kwanza Kabla ya Kushuka Kreta

Ukaribisho wa mwongoza watalii katika safari ya siku moja huchukua dakika tano hivi, na mahali pake ni kabla injini haijawashwa. Kwa wageni wanaolala Karatu na kwenda Kreta ya Ngorongoro, mara nyingi huwa bado ni alfajiri, baridi ni kali na wengine hawajaamka sawasawa. Mwongozaji anayewasha gari kwanza kisha akaanza kusema huku akitazama barabara husikika na waliokaa mbele tu. Wa viti vya nyuma huambulia maneno nusunusu. Kwa hiyo husubiri mizigo iingie, kila mtu akae, kisha husimama mlangoni mahali ambapo wote wanamwona.

Kitu cha kwanza ni salamu, na jina lake. Katika safari nyingi za Kaskazini mwongozaji ndiye pia dereva, na mgeni anayejua hivyo mapema hujua nani wa kumwambia asimamishe gari. Kwa familia iliyotoka Dar es Salaam, mwanzo unaweza kuwa hivi: “Shikamooni wazee, na wengine habari za asubuhi. Karibuni sana. Mimi ndiye dereva wenu na ndiye nitakayewaongoza mpaka turudi hapa jioni. Ukiona mnyama, sema tu ‘simama’, usigonge dirisha wala kupiga kelele.” Sentensi hiyo ya mwisho ni kanuni ya kwanza ya siku, lakini imepita kama sehemu ya makaribisho, na ndivyo inavyopokelewa vizuri zaidi.

Baada ya hapo hufuata ratiba. Hapa wageni huhitaji mambo machache: watapita wapi, watakula wapi na watarudi saa ngapi. Mwongozaji huwaeleza kwamba lami itawafikisha lango la Loduare, kisha barabara ya vumbi itapanda msituni hadi ukingoni, penye urefu wa mita 2,300 hivi kutoka usawa wa bahari. Kutoka hapo gari litateremka kama mita 600 hadi chini ya kreta. Ukingoni ukungu wa asubuhi huweza kuficha kila kitu, wakati chini jua limeshatoka. Mgeni asiyeambiwa hilo huvaa fulana moja na kutetemeka, au hukata tamaa akidhani siku imeharibika.

Suala la choo halikwepwi, ingawa waongozaji wapya huona haya kulitaja. Njiani Tanzania watu wamezoea kushuka kuchimba dawa vichakani, lakini ndani ya kreta hakuna kushuka garini isipokuwa sehemu zilizotengwa, kama Ngoitokitok, ambako kuna vyoo na mahali pa kula. Sababu lazima itajwe pamoja na katazo: nyasi zinazoonekana fupi zinatosha kabisa kumficha simba aliyelala. Mtu aliyeelezwa sababu hutumia choo cha langoni bila kuhimizwa.

Jambo linaloharibu ukaribisho kuliko yote ni ahadi. Faru weusi wapo Ngorongoro, na wageni wengi huja kwa ajili yao, lakini mara nyingi huonekana kwa mbali sana, na siku nyingine hawaonekani kabisa. Mwongozaji akisema asubuhi kwamba leo faru watamwona, kila saa inayopita bila faru huhesabiwa kuwa hasara, hata kama simba na tembo wamepita karibu na gari. Kauli iliyo salama na ya kweli ni kwamba faru wapo, watatafutwa, na darubini ziwekwe karibu.

Mengine yote hungoja mahali pake. Nyani wa Loduare, wanaoingia garini kupitia dirisha lililoachwa wazi, hutajwa gari linapokaribia lango. Mwewe wa Ngoitokitok, wanaoshuka ghafla na kupora kipande cha kuku mkononi mwa mlaji, hutajwa kabla masanduku ya chakula hayajafunguliwa. Yakisemwa Karatu yatakuwa yamesahaulika. Historia ya volkano iliyobomoka na maisha ya Wamaasai huvutia zaidi pale ukingoni, macho yakiwa juu ya kitu chenyewe.

Mwisho ni maswali, na swali la afya halitupwi hadharani. Mama mjamzito, mwenye mgongo mbovu au mwenye pumu hawezi kutarajiwa kujitangaza mbele ya wageni asiowajua. Mwongozaji husema tu kwamba barabara ina mashimo na vumbi, na mwenye lolote amfuate pembeni. Akishaambiwa, humhamishia mhusika viti vya mbele, ambako mtikisiko ni mdogo kuliko nyuma ya ekseli, huhesabu watu, huhakikisha mikanda imefungwa, ndipo huwasha gari.