Safu Tatu za Kuipima Fikra Inayokuumiza

Mwalimu kijana wa shule ya msingi anapishana na mwalimu mkuu kwenye korido asubuhi. Anamwamkia, mkuu anapita bila kuitikia. Mpaka saa nne tumbo limemkaza, hasikii wanafunzi wanachosema, na moyoni ameshajiona amefukuzwa kazi. Tukio lenyewe lilichukua sekunde chache tu. Kilichomtesa asubuhi nzima ni maelezo aliyojipa kuhusu tukio hilo, maelezo yaliyomjia upesi kiasi kwamba hakuyaona yakipita.

Maelezo ya namna hiyo ndiyo yaliyomvutia Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Filadelfia, Marekani, miaka ya 1960. Aliwasikiliza wagonjwa wenye sonona akagundua kwamba kabla ya huzuni kuwashika huwa inapita fikra fupi, ya papo hapo, ambayo mgonjwa anaiamini bila kuihoji. Beck na wenzake wakaweka fikra hizo kwenye karatasi yenye safu, na fomu hiyo imo katika kitabu chao cha mwaka 1979 kuhusu tiba ya sonona. Tangu hapo zimetokea fomu nyingi, nyingine zikiwa na safu saba. Kwa anayeanza, tatu zinatosha: tukio, fikra pamoja na hisia, na fikra mbadala yenye mizani.

Laza karatasi kwa ubavu na uigawe kwa mistari miwili. Andika siku hiyohiyo, maana kesho utakumbuka uchungu na kusahau maneno yaliyouleta. Lakini kama bado unatetemeka, subiri kwanza. Mtu aliyepandwa na hasira au hofu kali huandika mashtaka tu.

Tumfuate mwalimu wetu safu kwa safu.

Safu ya kwanza ni tukio: nani, wapi, lini, nini kilitokea. Hapa ndipo wengi hukosea mapema. Mwalimu anaandika: “Mkuu amenidharau mbele ya watu.” Hilo si tukio, tayari ni hukumu. Jiulize: mtu asiyenijua kabisa, aliyekuwa amesimama pale, angeona na kusikia nini? Mwalimu anafuta na kuandika upya: “Jumatatu, saa moja na nusu, korido ya ofisi ya walimu. Nilisema ‘Shikamoo, mwalimu.’ Alikuwa na simu sikioni. Alipita bila kuitikia.” Simu haikuwemo katika sentensi ya kwanza. Imeonekana baada ya hukumu kuondolewa.

Safu ya pili ina mambo mawili. Anza na hisia, kila moja kwa neno moja, kisha uipe namba kati ya 0 na 100. Mwalimu anaandika: hofu 80, aibu 60. Chini yake andika kilichopita kichwani. Mara nyingi fikra huja kama swali, naye akaandika: “Kwa nini hakuniitikia?” Swali halipimiki, kwa sababu haliwezi kuwa kweli wala uongo. Lijibu kama moyo wako ulivyolijibu wakati ule: “Hakuniitikia kwa sababu amekasirika nami.” Usiishie hapo. Jiulize, ikiwa ni hivyo, maana yake nini kwangu? “Maana yake ameniona sifai kufundisha, na ataniondoa shuleni.” Sasa mkono unasita kuandika na tumbo linakaza tena. Hiyo ndiyo dalili kwamba umeifikia fikra yenyewe inayobeba hofu. Ipigie mstari, kisha andika unaiamini kwa kiasi gani. Yeye anaandika asilimia 90.

Safu ya tatu ndiyo yenye kazi kubwa, na ndipo karatasi nyingi huharibika. Mtu huandika: “Usijali, kila kitu kitakuwa sawa.” Hayo ni maneno ya faraja, na fikra inayoaminiwa kwa asilimia 90 haiondoki kwa kubembelezwa. Inahitaji ushahidi, wa pande zote mbili.

Anza na ushahidi unaoiunga mkono fikra ile, na uupe haki yake. Mwalimu anaandika: hakuitikia salamu, na wiki iliyopita aliniambia nimechelewa kuwasilisha azimio la kazi. Ni kweli, na lazima iandikwe. Ukiificha, moyo utaikumbuka usiku na kuitupa karatasi nzima. Kisha andika ushahidi unaopingana nayo: alikuwa akizungumza na simu, katika mazungumzo yaleyale ya wiki iliyopita alinikabidhi masomo ya ziada ya darasa la saba, Ijumaa aliniuliza hali ya mtoto wangu aliyekuwa na homa. Ukikwama, jiulize ungemwambia nini mwalimu mwenzako aliyekuletea habari hii.

Halafu unganisha pande zote mbili kwa sentensi moja au mbili. Neno “ingawa” husaidia, kwa sababu linakulazimisha kubeba zote: “Ingawa hakuniitikia, na ni kweli nilichelewesha azimio la kazi, alikuwa kwenye simu, na mtu anayetaka kuniondoa asingenikabidhi darasa la saba. Inawezekana hakunisikia. Azimio nitaliwasilisha Jumatano.” Anaipima: anaiamini kwa asilimia 70. Anarudi kwenye hisia: hofu 45, aibu 30.

Hofu haijaisha, na haikutarajiwa kuisha. Kushuka kutoka 80 hadi 45 kunatosha mtu aweze kufundisha kipindi kinachofuata. Ukiona hisia zimeshuka hadi sufuri papo hapo, soma tena safu ya tatu. Huenda umejipa faraja badala ya mizani.

Na ikiwa namba haikushuka kabisa? Angalia mambo matatu. Huenda fikra uliyoipima siyo inayouma. Rudi safu ya pili uulize tena maana yake kwako ni nini. Huenda fikra mbadala ni nzuri lakini huiamini. Iandike kwa unyenyekevu zaidi mpaka uweze kuiamini walau nusu. Au huenda fikra yako ni ya kweli. Kama mkuu ameshakuandikia barua ya onyo, safu ya tatu haina cha kusahihisha. Andika hapo hatua utakayochukua, na siku utakayoichukua.

Karatasi hii ina mipaka yake. Msiba haupimwi kwa ushahidi. Aliyefiwa anahitaji kulia na kuwa na watu. Anayepigwa nyumbani anahitaji usalama kwanza, si fikra mbadala. Na kama unaandika fikra ileile mara kumi kwa siku ili upate uhakika usioisha, zoezi limegeuka sehemu ya tatizo, uliache. Kama katika safu ya pili kumetokea mawazo ya kufa au kujidhuru, usibaki na karatasi peke yako: mwambie mtu unayemwamini leo hii, na mwende pamoja kituo cha afya.

Kwa wengine wote, zitunze karatasi za wiki chache mahali pa faragha, kisha zisome kwa mpigo. Matukio yatatofautiana: korido, ujumbe usiojibiwa, mkwe aliyenyamaza. Lakini katika safu ya pili utaona sentensi moja inajirudia, mathalani “Sifai.” Ukishaijua, unaweza kuijaribu kwa vitendo. Mwalimu wetu anaweza kugonga mlango wa mkuu siku ya Jumatano, akiwa na azimio mkononi, na kumuuliza anaonaje kazi yake. Jibu atakalopewa, liwe tamu au chungu, litakuwa ushahidi mpya wa kuandika.