Karatasi Mia Mbili, Mtihani Mmoja

Tuchukue darasa la kemia la mwaka wa kwanza chuoni, wanafunzi 200, wakifanya jaribio la maswali 12 ya kuchagua katika maabara ya kompyuta. Skrini zimekaribiana kiasi kwamba anayegeuza shingo kidogo tu anasoma jibu la jirani. Mhadhiri anatunga maswali 60, anayaweka kwenye hazina, na kuuachia mfumo umchotee kila mwanafunzi maswali yake. Kuangaliziana kunapungua kweli. Lakini hapo ndipo swali zito linapozuka: aliyepata alama 6 na aliyepata 8, je, wamepimwa kwa kipimo kimoja?

Wengi huuamuru mfumo uchote maswali 12 yoyote kati ya yale 60, wakiamini kwamba bahati nasibu haina upendeleo. Haina upendeleo kwa darasa zima, ni kweli, ila mwanafunzi mmoja mmoja anaweza kuumia vibaya. Tuseme maswali 20 ni mepesi, kila moja likijibiwa sawasawa na wanafunzi 85 katika kila 100. Mengine 20 ni ya wastani, wanayapata 60 katika 100. Yaliyobaki 20 ni magumu, wanayapata 35 tu. Asha akichotewa mepesi saba, ya wastani matatu na magumu mawili, mwanafunzi wa uwezo wa kawaida katika nafasi yake angetarajia alama 8.45 kati ya 12, yaani asilimia 70. Juma akichotewa kinyume chake, mepesi mawili na magumu saba, mwanafunzi yuleyule angetarajia 5.95, ambayo haifiki hata asilimia 50. Uwezo ni uleule, tofauti ni asilimia 20 na ushei.

Na hilo si jambo la nadra. Ukipiga hesabu ya uwezekano, katika darasa la watu 200 kama wanane wataangukiwa na karatasi nzito kama ya Juma au zaidi, na wengine kama wanane watapata nyepesi kama ya Asha au zaidi. Juma hatajua kamwe, kwa sababu hakuona karatasi ya mtu mwingine.

Dawa yake ni kuigawa hazina kabla ya kuchota. Walimu wetu wanalijua jedwali la utahini, lile linaloonyesha kila mada itoe maswali mangapi. Hapa linaongezewa upande wa pili, yaani ugumu. Jaribio letu lina mada nne: muundo wa atomu, jedwali la elementi, hesabu za moli, na asidi na besi. Kila mada ina ngazi tatu za ugumu. Tunapata vyumba 12, na kila chumba kina maswali matano. Kwenye Moodle, mfumo unaotumika katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki, kila chumba kinakuwa kategoria yake, na jaribio linaamriwa kuchota swali moja tu kutoka kila kategoria. Sasa kila karatasi ina mepesi manne, ya wastani manne na magumu manne, na kila mada imeguswa mara tatu. Matarajio ya mwanafunzi wa kawaida ni alama 7.2, awe Juma au Asha.

Je, tofauti za karatasi zimetoweka kwa kubanwa hivyo? Hapana. Karatasi zinazoweza kupatikana bado zinazidi milioni 240, na majirani wawili kwa wastani watakutana kwenye maswali mawili au matatu tu.

Sehemu ngumu ni kujua swali lipi liende chumba kipi. Jicho la mtungaji hudanganya, kwani mtu aliyefundisha moli kwa miaka mingi huona hesabu zake ni nyepesi. Ushahidi mzuri ni majibu ya wanafunzi wenyewe: waliopata, gawanya kwa walioulizwa. Moodle hutoa hesabu hiyo kwa kila swali, na kwenye ripoti yake inaitwa `Facility index`. Kuchota kwa nasibu kunatusaidia hapa, maana kila swali linaonwa na wanafunzi wapatao 40 waliotoka pande zote za darasa, wenye nguvu na wanyonge, hivyo maswali yanaweza kulinganishwa. Lakini 40 ni wachache. Swali lililotoa 0.60 huenda kwa kweli likawa popote kati ya 0.45 na 0.75, kwa hiyo mtu asilihamishe chumba kwa matokeo ya muhula mmoja. Asubiri majibu ya mihula miwili au mitatu.

Halafu kuna ugumu ambao tarakimu hiyo haiuonyeshi. Maswali mawili yanaweza kuwa na 0.60 yote, moja likamalizwa kwa nusu dakika kwa kukumbuka tu, jingine likala dakika sita za kukokotoa. Katika jaribio la dakika 20, aliyepata la pili amenyang'anywa muda wa maswali yanayofuata. Maswali ya chumba kimoja yafanane kwa kazi pia. Hata kubadilisha namba ndani ya swali lilelile kunahitaji macho: moli za gramu 36 za maji zinatoka kichwani, za gramu 23.4 zinataka kikokotoo.

Kosa linaloniuma zaidi ni ufunguo wa majibu uliokosewa. Katika karatasi moja ya wote, kosa hilo linamgusa kila mtu. Katika hazina linawapiga wale 40 tu waliochotewa swali hilo, na wenzao 160 hawana habari. Dalili yake iko kwenye ripoti, safu ya `Discrimination index`: tarakimu ikiwa hasi, maana yake waliofanya vizuri kwenye maswali mengine ndio waliolikosa hili, na wadhaifu wakalipata. Fungua swali hilo, ulisome upya. Ufunguo ukiwa na kosa, urekebishe na usahihishe upya. Swali lenyewe likiwa na utata, kuwapa wote 40 alama ya bure kunawaonea waliobaki. Ni heri liondolewe, na hao 40 wahesabiwe kwa maswali 11.

Baada ya jaribio, mizani ikaguliwe. Kwa kila mwanafunzi jumlisha wepesi wa maswali yake 12, kisha uwapange kuanzia aliyepata karatasi nyepesi hadi aliyepata nzito. Linganisha wastani wa alama wa robo ya kwanza na wa robo ya mwisho. Ukiona pengo la nusu alama au chini, karatasi zimekaribiana vya kutosha. Likifika alama moja na nusu, kuna vyumba kadhaa vilivyochanganya maswali yasiyolingana, kwa mfano swali la 0.45 likikaa pamoja na la 0.20.

Hazina pia huchakaa. Maswali hunakiliwa, hutumwa WhatsApp, hukaririwa. Swali lililokuwa na 0.35 mwaka jana likipanda hadi 0.80 mwaka huu, huku majirani zake wa chumba kimoja wakibaki palepale, limevuja. Litolewe, hata kama ni zuri kiasi gani, kwa sababu sasa linampa nafuu kila anayeliangukia. Mrithi wake aingizwe kwanza kama swali la 13 lisilohesabiwa alama, wanafunzi wakiwa wameambiwa kwamba moja kati ya yale 13 ni la majaribio, ili wepesi wake ujulikane kabla halijaamua matokeo ya mtu yeyote.