Mdomo Sungura: Kweli au Si Kweli?

"Mama alimcheka mlemavu, ndiyo maana." Si kweli, na kalenda yenyewe inakataa. Tuseme mama mmoja wa Ruponda aliona hedhi yake ya mwisho tarehe 1 Machi, akashika mimba katikati ya mwezi. Kufikia mwanzoni mwa Mei mdomo wa juu wa mtoto umeshaungana, au umeshashindwa kuungana. Wengine wakati huo ndiyo kwanza wanaanza kujishuku kuwa wana mimba. Aliyemcheka mtu mwezi Juni, aliyekula sungura Julai, aliyetazama mwezi ukipatwa Agosti, wote wamechelewa.

"Mdomo ulikuwa mzima, ukapasuka." Si kweli. Uwazi huo sote tuliwahi kuwa nao. Uso huundwa kwa vichomozo vinavyokua na kukutana: kimoja hushuka kutoka kwenye paji, kikatoa pua na kile kijibonde kilicho chini yake, vingine viwili hutoka mashavuni, kulia na kushoto, vikasogea kukifuata. Vikigusana, utando mwembamba unaovitenga huyeyuka, nyama zikashikana. Kichomozo kikichelewa au kikiwa kidogo mno, au utando usipoyeyuka, mwanya unabaki. Kwa hiyo mwanya kwa kawaida hauwi katikati kabisa; huwa kando ya kijibonde, upande mmoja au pande zote mbili.

"Mdomo ukiwa wazi, lazima kaakaa nalo liwe wazi." Si kweli. Sehemu kubwa ya kaakaa hufungwa baadaye, kati ya wiki ya 8 na ya 12 tangu mimba kutungwa. Kingo zake mbili husimama kwanza kandokando ya ulimi. Ulimi ukishuka, kingo hulala na kuungana. Dk. Mange Manyama na wenzake walipochapisha mwaka 2011 uchunguzi wa wagonjwa 240 wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, waliokuwa wengi zaidi ni wenye mdomo wazi pekee. Upande wa kushoto uliongoza, kama ilivyo kwingineko duniani.

"Ni mambo ya ukoo." Nusu kweli. Wazazi wazima waliopata mtoto mmoja wa namna hii wana uwezekano wa takriban 4 kwa 100 wa kumpata mwingine. Sigara, pombe na baadhi ya dawa za kifafa huongeza hatari. Mwenye kifafa asijiachishe dawa. Azungumze na daktari kabla ya kushika mimba.

"Hawezi kunyonya." Inategemea. Mwenye mdomo wazi tu mara nyingi hunyonya. Kaakaa likiwa wazi hewa huvuja, ziwa halivutiki. Mama akamue, amnyweshe kwa kikombe mtoto akiwa ameinuliwa. Upasuaji wa mdomo huanza akifikisha miezi 3 hivi na uzito wa kama kilo 4.5.

Wakunga, mtazameni kila mtoto mchanga kinywani kwa tochi, hata mdomo ukiwa mzima. Maziwa yakitokea puani, mpelekeni hospitali.