Homa ya Ini E kwa Mjamzito

Mwaka 2021 mafuriko yaliizunguka kambi ya waliohama makwao huko Bentiu, Sudan Kusini. Virusi vya homa ya ini E hutoka na kinyesi cha mgonjwa. Kinyesi kikiingia kwenye maji ya kunywa, wengine huambukizwa. Wengi hupona wenyewe. Lakini kwa mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho, ini linaweza kushindwa kazi ghafla, na hadi asilimia 25 ya wanaougua kipindi hicho hufariki. Macho yakiwa manjano, mkojo ukikolea kama chai ya rangi, kisha akaanza kuchanganyikiwa, awahishwe hospitali saa hiyohiyo. Mwaka 2022 Bentiu walianza kuchanjwa kwa Hecolin, wajawazito wakiwemo.