Daftari la Pili la Msiba

Siku ya kuanua matanga, mweka hazina wa kamati ya mazishi husoma hesabu mbele ya wanafamilia: jeneza, turubai na viti, usafiri, mchele, mafuta. Kinachobaki humkabidhi msemaji wa familia pamoja na daftari la rambirambi. Barua ya shukrani huandikwa kutokana na daftari hilo, na makosa huanzia hapo, kwa sababu ndani yake wameandikwa waliotoa fedha tu. Mama aliyesonga ugali usiku wa manane hayumo. Vijana waliochimba kaburi hawamo.

Tulipomzika baba, barua yetu ya kwanza ilikuwa na majina ya watoaji yaliyojaa ukurasa mzima. Shangazi aliisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na jirani aliyewalaza wageni wetu siku nne, mmemweka wapi?" Tukanyamaza. Kaka akachukua karatasi nyingine, tukaanza kukumbuka siku moja baada ya nyingine: usiku wa taarifa, siku ya kuaga, siku ya mazishi, siku za matanga. Kila siku tulijiuliza nani alipika, nani alichota maji, nani alikesha nasi. Barua ya pili ilisomeka hivi:

"Wapendwa majirani na washarika, familia inawashukuru kwa kubeba msiba huu pamoja nasi. Tunawashukuru akina mama wa jumuiya waliopika tangu siku ya kwanza, vijana waliochimba kaburi, wanakwaya, mchungaji na wazee wa kanisa, majirani waliotufungulia nyumba zao, na wote waliotoa rambirambi. Si rahisi kumtaja kila mmoja. Tunaomba kila aliyeshiriki apokee shukrani hizi kama ametajwa kwa jina lake. Mungu awabariki."

Tulitaja kazi na makundi, kwani ukitaja majina ishirini, wa ishirini na moja ataumia. Kiasi cha fedha hakitajwi kabisa. Hesabu ni ya kamati na familia. Ikisomwa kanisani, mjane aliyeleta kisado cha unga atajiona hakuleta kitu, ilhali unga ule ndio uliopikwa usiku wa kwanza.

Barua huwa fupi, nusu ukurasa, maana husomwa wakati wa matangazo. Hupelekwa kwa katibu wa usharika kabla ya Jumapili, na nakala hupewa balozi awafikishie majirani wasiosali hapo, Waislamu wakiwemo. Inaposomwa, wafiwa husimama. Yule jirani wa wageni hatukumwachia barua peke yake: mama alimwendea nyumbani jioni, akamshukuru ana kwa ana.

Ukifikwa na msiba, mpe kijana mmoja daftari la pili tangu usiku wa kwanza. Aandike nani kafanya nini, asiandike fedha.