Umeme Ukikatika BIOS Ikiwa Nusu

Feni inazunguka, taa ya madabodi inawaka, lakini skrini ni nyeusi na hakuna hata mlio. Muda mfupi kabla, mwenye kompyuta alikuwa anasasisha BIOS, umeme ukakatika kazi ikiwa katikati. Wengi huambiwa hapo kwamba madabodi imekufa, watafute nyingine. Mara nyingi si kweli. Hakuna kilichoungua. Kilichoharibika ni maandishi yaliyomo ndani ya chipu moja ndogo ya miguu minane, nayo yanaweza kuandikwa upya.

Kwanza hakikisha kwamba ndivyo ilivyo. Usasishaji ukikamilika salama, madabodi nyingi za siku hizi hujizima na kujiwasha zenyewe, kisha hukaa na skrini nyeusi kwa dakika kadhaa zikipima upya kumbukumbu ya RAM. Mwenye haraka huzima hapo na kujiletea balaa ambalo halikuwepo. Ila kama umeme ulikatika asilimia bado zinahesabu, hakuna cha kusubiri.

Chipu hii haiandikwi juu ya maandishi ya zamani. Sehemu inayotaka kuandikwa hufutwa kwanza, kila baiti ikawa FF, ndipo mapya yanaingia. Umeme ukikatika baada ya kufuta na kabla ya kuandika, panabaki uwanja mtupu. Kwenye mashine za Intel prosesa ikiamka huchukua amri yake ya kwanza kwenye anwani 0xFFFFFFF0, yaani ndani ya baiti 16 za mwisho za chipu. Kama baiti hizo ni FF, prosesa haina pa kuanzia. Kama sehemu hiyo ya mwisho imepona na kilichofutika ni cha chini yake, programu ndogo ya kuamshia bado inaweza kugundua kwamba zilizobaki hazijakamilika na kutafuta faili la uokoaji kwenye flashi. Kwa hiyo kompyuta mbili zilizokatikiwa umeme kwa namna ileile zinaweza kuwa na hatima tofauti.

Njia rahisi ni zile ambazo mtengenezaji ameziweka mwenyewe. Tazama nyuma ya kompyuta ya mezani, karibu na matundu ya USB, kama kuna kitufe cha Flash BIOS, BIOS FlashBack au Q-Flash Plus. Kitufe hicho huendeshwa na kidhibiti kidogo kinachojitegemea, kisichohitaji prosesa wala RAM; umeme wa akiba wa pawa saplai unakitosha. Flashi iwe ya FAT32, ichomekwe kwenye tundu lililowekewa alama, na faili lipewe jina ambalo kidhibiti kinalitafuta: MSI hutaka MSI.ROM, Gigabyte hutaka GIGABYTE.bin. Jina likikosewa hata herufi moja, taa itapepesa kidogo kisha inyamaze, na mtu ataamini kitufe ni kibovu. Kwenye kompyuta mpakato hakuna kitufe, ila nyingi za HP huanza uokoaji ukishikilia Windows na B huku ukibonyeza swichi ya kuwashia, na nyingi za Dell ukishikilia Ctrl na Esc huku ukichomeka chaja. Njia hizi mbili zinahitaji ile programu ya kuamshia iwe bado hai.

Zote zikigoma, inabaki chipu yenyewe. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea kwa kukimbilia kuandika. Chukua mfano wa madabodi ya Intel yenye chipu ya Winbond ya MB 16. Soma jina lake kwa kioo cha kukuzia: W25Q128JV hutumia volti 3.3, W25Q128FW hutumia 1.8. Tofauti ni herufi mbili tu za mwisho, lakini chipu ya pili ukiipa 3.3 unaweza kuiua, hivyo inahitaji adapta ya kushusha volti. Kifaa cha CH341A cheusi kinachouzwa kwa bei ndogo nacho kina kasoro yake: matoleo mengi huipa chipu umeme wa 3.3 huku nyaya za data zikibeba 5. Kazi nyingi hupita salama hivyo, lakini kwangu kifaa chenye swichi ya kuchagua volti kinastahili bei yake.

Ondoa waya wa umeme na betri ndogo ya saa, bana chipu kwa klipu, kisha soma mara mbili kabla ya kuandika chochote:

```
flashrom -p ch341a_spi -r a.bin
flashrom -p ch341a_spi -r b.bin
sha256sum a.bin b.bin
```

Namba mbili za amri ya mwisho zikitofautiana, klipu haijashika vizuri au umeme wake unavuja kwenda sehemu nyingine za madabodi. Rekebisha klipu, ikishindikana, chipu ing'olewe kwa hewa ya moto isomwe peke yake.

Sasa fungua a.bin kwa programu ya kuonyesha baiti. Mwanzoni, kwenye nafasi ya 0x10, zinaonekana 5A A5 F0 0F: ramani ya chipu ipo salama. Amri `ifdtool -d a.bin` inaonyesha kwamba katika madabodi hii BIOS inaanzia 0x800000, nusu kamili. Ndani ya nusu hiyo maneno `_FVH` yanatokea mara chache, kisha zinafuata FF tupu hadi baiti ya mwisho. Kidonda ni hicho. Nusu ya chini haikuguswa, na humo ndimo mlimo anwani ya MAC ya kadi ya mtandao pamoja na mipangilio ya Intel ME ya madabodi hiyohiyo. Anayemwaga faili zima la mtandaoni juu yake huifuta MAC hiyo, na kompyuta inaweza kuwaka ikiwa na anwani ya mfano au kadi isiyofanya kazi.

Kwa hiyo tunaunganisha. Faili la mtengenezaji, hapa kiwanda.bin, liwe na baiti 16,777,216 kamili. Likizidi kwa 2,048, kama yalivyo mengi ya ASUS yenye mwisho wa CAP, lina kichwa cha kukatwa kwanza.

```
dd if=a.bin of=chini.bin bs=1M count=8
dd if=kiwanda.bin of=juu.bin bs=1M skip=8
cat chini.bin juu.bin > mpya.bin
flashrom -p ch341a_spi -w mpya.bin
```

Amri ya mwisho huandika na kuhakiki yenyewe. Ukiona `VERIFIED`, ondoa klipu, rudisha betri, washa.

Kompyuta mpakato ni kazi ngumu zaidi. Nyingi huhifadhi namba ya usajili na ufunguo wa Windows ndani ya eneo la BIOS lenyewe, hivyo inabidi vitafutwe ndani ya a.bin na kuhamishwa kabla ya kuandika. Baadhi pia zina kidhibiti cha kibodi na chaji chenye programu dhibiti yake. Kama hicho ndicho kilichokatikiwa, hata taa ya swichi haiwaki, na kuandika BIOS pekee hakutasaidia.

Ikiwaka, saa na mpangilio wa diski vitakuwa vimerudi vya kiwandani, virekebishwe. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, Windows itadai ufunguo wa tarakimu 48, kwa sababu imeona BIOS si ileile. Kwa wengi ufunguo huo uko kwenye akaunti yao ya Microsoft. Mwulize mteja kama anao kabla hujagusa klipu, kwa sababu asiyekuwa nao atarudishiwa kompyuta nzima yenye faili asizoweza kuzifungua.