Gawio Nono Linapoashiria Hatari: Somo la Vodafone na Safaricom

Mei 14, 2019, kampuni ya simu ya Vodafone ya Uingereza ilitangaza kwamba gawio lake la mwaka linashuka kutoka senti 15.07 za yuro kwa kila hisa hadi senti 9. Miezi sita tu kabla ya hapo, mkurugenzi mkuu wake, Nick Read, alikuwa amewahakikishia wawekezaji kuwa gawio halitaguswa. Kwa watu waliokuwa wakiishi kwa kutegemea malipo hayo, wakiwemo wastaafu, karibu shilingi 40 katika kila 100 walizozizoea ziliondoka kwa tangazo moja.

Hata hivyo, dalili zilikuwa zimeonekana mapema, na hazikuhitaji mtaalamu kuzisoma. Zilikuwa kwenye vipimo viwili ambavyo wanunuzi wengi wa hisa huvichanganya, ingawa kila kimoja hujibu swali tofauti.

Kipimo cha kwanza ni asilimia ya gawio. Hupatikana kwa kugawanya gawio la mwaka kwa bei ya hisa sokoni. Hisa ya shilingi 100 inayolipa gawio la shilingi 6 ina asilimia ya gawio ya 6. Kipimo hiki humwambia mnunuzi atapata nini kwa fedha anazotoa leo, mradi kampuni iendelee kulipa kama ilivyolipa.

Kipimo cha pili ni uwiano wa malipo, yaani sehemu ya faida inayogawiwa wanahisa. Kama kampuni hiyohiyo ilipata faida ya shilingi 10 kwa hisa na ikalipa 6, uwiano ni asilimia 60, na shilingi 4 zimebaki ndani kwa ajili ya madeni, mitambo na siku mbaya. Hapa bei ya soko haihusiki kabisa. Kinachopimwa ni uwezo wa kampuni kuendelea kulipa.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha mtego. Asilimia ya gawio inaweza kupanda bila kampuni kuongeza hata senti moja, kwa sababu tu bei ya hisa imeanguka. Mwanzoni mwa 2018 hisa ya Vodafone iliuzwa kwa zaidi ya pensi 200. Gawio la senti 15.07 za yuro lilikuwa sawa na takriban pensi 13, kwa hiyo asilimia yake ilikuwa chini kidogo ya 6. Kufikia Mei 2019 bei ilikuwa imeporomoka hadi kati ya pensi 130 na 140. Gawio lilikuwa lilelile, lakini asilimia ilikuwa imefika 9 na zaidi.

Aliyetazama namba hiyo peke yake aliona neema. Kumbe wauzaji waliokuwa wakiishusha bei walikuwa wameshaanza kuamini kwamba senti 15.07 hazitadumu.

Uwiano wa malipo ulionyesha kwa nini. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2018, Vodafone ilipata faida ya yuro bilioni 2.8, huku gawio likigharimu takriban bilioni 4. Uwiano wake ulikuwa zaidi ya asilimia 140. Kampuni ilikuwa inagawa zaidi ya ilichokipata kwa hesabu za faida.

Uongozi ulikuwa na utetezi, na haukuwa wa kubabaisha. Kampuni za simu hukata gharama kubwa za uchakavu wa minara na mitambo katika hesabu zao kila mwaka, ingawa fedha hizo hazitoki mfukoni mwaka huo. Hivyo faida ya vitabuni inaweza kuonekana ndogo kuliko fedha taslimu zinazoingia. Mwaka huo Vodafone ilibaki na fedha taslimu za yuro bilioni 5.4 baada ya kugharamia uendeshaji na mitambo. Ukitoa bilioni 4 za gawio, bado bilioni 1.4 zinabaki. Mambo yanaonekana shwari.

Ila bilioni 5.4 zilihesabiwa kabla ya kulipia masafa ya mawasiliano, yale ambayo serikali huyauza kwa mnada na ambayo mtandao wa simu hauwezi kufanya kazi bila hayo. Oktoba 2018, kwenye mnada wa masafa ya 5G nchini Italia, Vodafone ilijifunga kulipa bilioni 2.4 kwa awamu. Mnada wa Ujerumani ulikuwa njiani. Wakati huohuo kampuni ilikuwa imekubali kununua biashara za Liberty Global za Ujerumani na nchi nyingine tatu za Ulaya, kwa thamani ya yuro bilioni 18.4 pamoja na madeni yake. Machi 2019 deni halisi la Vodafone lilikuwa bilioni 27. Kila mwenye kalamu aliweza kuona kwamba ziada ya bilioni 1.4 kwa mwaka haitoshi kulipia masafa na wakati huohuo kupunguza deni la ukubwa huo.

Safaricom ya Kenya, ambayo ni ya ukoo huohuo kupitia Vodacom, inaonyesha upande wa pili. Hisa yake iliyopita shilingi 40 mwaka 2021 ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 13 mwanzoni mwa 2024. Gawio la mwaka lilikuwa shilingi 1.20, baada ya kushuka kutoka 1.39, na asilimia yake ikawa imekaribia 9.2. Kwa kipimo hicho ilifanana na Vodafone ya 2019.

Uwiano wa malipo ulisema jambo jingine. Katika mwaka ulioishia Machi 2023, faida ya Safaricom ilikuwa takriban shilingi 1.55 kwa hisa, kwa hiyo gawio lilichukua kama asilimia 77, hata baada ya kubeba hasara za biashara mpya ya Ethiopia. Sera ya kampuni ni kugawa karibu asilimia 80 ya faida, na gawio lilikuwa ndani ya mpaka huo. Bei ilikuwa imeanguka, lakini faida iliyobeba gawio haikuanguka nayo. Shilingi 1.20 zililipwa tena kwa mwaka wa 2024, kisha wa 2025.

Kwa hiyo anayekutana na asilimia ya gawio iliyo juu kuliko ya kampuni zinazofanana nayo ana mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, je, gawio limepanda au bei imeshuka? Pili, gawio linachukua kiasi gani cha faida kwa miaka mitatu au minne, maana mwaka mmoja unaweza kupotoshwa na mauzo ya mali au hasara ya mara moja? Kampuni ikipata hasara, kama Vodafone ilivyopata hasara ya yuro bilioni 7.6 katika mwaka ulioishia Machi 2019, uwiano haukokotoleki kwa maana yoyote. Hapo ndipo jambo la tatu linapokuwa la lazima: kufungua taarifa ya mtiririko wa fedha katika ripoti ya mwaka, kuchukua fedha zilizotokana na shughuli, kutoa ununuzi wa mitambo na leseni, kisha kulinganisha kinachobaki na mstari wa gawio lililolipwa.

Vodafone yenyewe ilirudia njia hiyohiyo. Mwanzoni mwa 2024 hisa yake ilikuwa karibu pensi 70 na asilimia ya gawio imepita 10. Machi 15 mwaka huo, siku ilipotangaza kuiuzia Swisscom biashara yake ya Italia kwa yuro bilioni 8, ilitangaza pia kwamba senti 9 zitakuwa 4.5.